Zabuni Tatu za Kazi ya Umeme: Punguzo Limekaa Wapi?

Ripoti nyingi za tathmini ya zabuni za umeme huanza na jumla zilizosomwa siku ya ufunguzi, na kwa bahati mbaya nyingi huishia hapohapo. Jumla inakuambia nani ni wa chini. Haikuambii amekuwa wa chini kwenye kitu gani, wala kitu hicho kitafika eneo la kazi lini. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama punguzo ni faida ya mwajiri au ni deni litakalodaiwa katikati ya mradi.

Tuchukue mfano wa jengo la ofisi la ghorofa tatu. Kazi ni kebo kuu kutoka transfoma, bodi za usambazaji, waya za ndani, taa, jenereta ya dharura, mfumo wa erthi na kinga ya radi, kisha upimaji na makabidhiano. Nimeondoa sarafu ili namba zisomeke kirahisi: makadirio ya mhandisi ni 10,000, na kila kingine kinapimwa kwa kipimo hichohicho. Wazabuni watatu wamevuka hatua ya nyaraka na sifa za kitaalamu. Siku ya ufunguzi A alisomewa 9,840, B 7,310 na C 9,050.

Kwanza hesabu zinyooshwe

Kabla ya kulinganisha chochote, kamati hupitia jedwali la kazi na bei mstari kwa mstari na kuzidisha upya. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba bei ya kipimo kimoja ikizidishwa na idadi na jibu lisilingane na jumla iliyoandikwa, bei ya kipimo ndiyo inayosimama na jumla hurekebishwa. Isipokuwa pale ambapo ni dhahiri kwamba nukta ya desimali kwenye bei ya kipimo imekosewa mahali.

A na B hawakuwa na kosa. C aliandika taa 420 kwa bei ya 2.1 kila moja, jumla 672. Jumla sahihi ni 882. Ukigawa 672 kwa 2.1 unapata 320, kwa hiyo inaonekana aliyejaza alitumia idadi isiyo sahihi. Sababu hiyo inaridhisha akili lakini haibadilishi kitu: zabuni ya C inapanda kwa 210 na kuwa 9,260. C anaandikiwa barua akubali masahihisho hayo kwa maandishi. Akikataa, zabuni yake inaondolewa, na dhamana yake ya zabuni inaweza kuchukuliwa. Haulizwi kama angependa kushusha bei ya taa ili arudi kwenye jumla yake ya awali.

Hatua inayofuata husahaulika mara nyingi. Ndani ya kila zabuni kuna fedha ambazo mwajiri mwenyewe amezipanga, yaani tengo la dharura na kazi ambazo bado hazijajulikana vizuri. Hapa ni 700, sawa kwa wote. Fedha hizi hazina ushindani, na zikiachwa ndani zinapunguza makali ya tofauti. Kwa jumla nzima, B yuko chini ya makadirio kwa asilimia 26.9. Ukiondoa zile 700, makadirio yanabaki 9,300 na B anabaki 6,610, sawa na asilimia 28.9 chini. Mradi ukiwa na fedha kubwa zaidi za namna hiyo, bei ya hatari inaweza kujificha kabisa nyuma yake.

Hivi ndivyo sura ilivyo baada ya masahihisho, bila zile 700:

| Sehemu ya kazi | Makadirio | A | B | C |
|---|---|---|---|---|
| Maandalizi na gharama za jumla | 700 | 720 | 860 | 610 |
| Kebo kuu na mitaro | 2,400 | 2,310 | 1,150 | 2,280 |
| Bodi za usambazaji | 1,600 | 1,650 | 1,240 | 1,540 |
| Mabomba ya waya, waya za ndani, soketi | 2,000 | 1,900 | 1,980 | 1,850 |
| Taa | 1,000 | 960 | 640 | 882 |
| Jenereta | 900 | 940 | 590 | 860 |
| Erthi na kinga ya radi | 450 | 420 | 110 | 378 |
| Upimaji na makabidhiano | 250 | 240 | 40 | 160 |
| Jumla | 9,300 | 9,140 | 6,610 | 8,560 |

Soma safu ya B taratibu. Si mtu aliyeshusha bei kila mahali kwa kiasi kilekile, kama angefanya mkandarasi aliyeamua kupunguza faida yake. Maandalizi yake ni ghali kuliko ya wote. Mabomba na waya za ndani yuko sawa na makadirio. Kisha kebo kuu zimekatwa zaidi ya nusu, erthi imebaki robo, na upimaji karibu haupo. Kati ya 2,690 anazopungua chini ya makadirio, 1,250 ziko kwenye kebo na mitaro peke yake.

Lini bei inastahili kuhojiwa

Hakuna mstari mmoja unaotumika kila mahali. Mwongozo wa Benki ya Dunia unasema kwamba zabuni zilizokidhi zikiwa chini ya tano, bei iliyo chini ya makadirio kwa asilimia 20 au zaidi ihojiwe. Zikiwa tano au zaidi, hutumika wastani wa zabuni na mtawanyiko wake. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 kuhusu manunuzi ya umma, namba 2014/24, katika kifungu cha 69, linamtaka mnunuzi adai maelezo kwa bei inayoonekana kuwa ya chini isivyo kawaida, na linamruhusu kuikataa kwa sababu hiyo pale tu ushahidi uliotolewa usipoieleza bei vya kutosha. Kote kuna wazo moja: asilimia inafungua mazungumzo, haitoi hukumu. Ripoti inayosema "B ameondolewa kwa kuwa yuko chini kwa asilimia 26.9" itaanguka kwenye rufaa ya kwanza, na itastahili kuanguka.

Pia makadirio yenyewe yahojiwe. Kama A na C nao wangekuwa chini kwa asilimia 20, tungeanza kumtilia shaka mhandisi aliyekadiria. Hapa A yuko chini kwa asilimia 1.6 na C kwa 7.4, kwa hiyo makadirio yanaaminika.

Barua ya ufafanuzi: namna ya kuuliza

Hapa ndipo kamati nyingi hujikwaa. Swali baya ni hili: "Je, mnathibitisha kwamba mtatekeleza kazi yote kwa viwango vilivyotajwa kwa bei yenu?" Jibu litakuwa "ndiyo, tunathibitisha", na kamati itakuwa haijajua lolote jipya. Baya zaidi ni swali linalobeba jibu lake, kama vile kuuliza kama kebo itakuwa ya shaba. Swali zuri linaomba karatasi: mchanganuo wa bei ya mstari fulani, jina la mtengenezaji na aina ya kebo, bei aliyopewa na msambazaji, saa za kazi kwa kila mita, usafiri, gharama za ofisi na faida. Linatumwa kwa maandishi, lina siku ya mwisho ya kujibu, na halidokezi bei ambayo kamati ingependa kuiona.

Mstari ulioulizwa kwanza ni wa kebo ya ardhini ya nyaya nne za milimita za mraba 95, za shaba, yenye kinga ya chuma, mita 300. Mhandisi alikadiria 4.6 kwa mita, A ameweka 4.4, C 4.35, na B 2.1. Mstari huu mmoja unabeba 750 kati ya lile pungufu la 2,690.

Jambo zuri la kebo ni kwamba inaweza kukaguliwa kwa hesabu kabla hata jibu halijafika. Nyaya nne za milimita za mraba 95 ni milimita za mraba 380. Katika urefu wa mita moja hizo ni sentimita za ujazo 380, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa takriban gramu 8.96, mita moja ya kebo ina kilo 3.4 za shaba tupu. Tuseme bei ya kilo moja ya shaba ghafi sokoni, kwa kipimo chetu, ilikuwa 0.75 wiki ya kufungua zabuni. Shaba peke yake inagharimu 2.55 kwa mita. B anataka kuinunua ikiwa imeshatengenezwa kebo, kuisafirisha, kuilaza mtaroni na kuiunganisha kwa 2.1. Punguzo la msambazaji halifiki huko, kwani hata kiwanda hakiuzi kebo chini ya bei ya shaba iliyomo ndani yake.

Jibu la kwanza la B lilikuwa la maneno: uzoefu wa muda mrefu, uhusiano mzuri na wasambazaji, mafundi wenye ujuzi. Kamati ilimrejeshea swali ikisisitiza karatasi. La pili lilikuja na bei ya msambazaji, na kwenye maelezo ya bidhaa kondakta ilikuwa ya alumini.

Si tofauti ndogo ya kupuuzwa. Kwa viwango vya IEC 60228, ukinzani wa juu unaoruhusiwa kwa kondakta ya milimita za mraba 95 kwenye nyuzijoto 20 ni omu 0.193 kwa kilomita ikiwa ya shaba, na 0.320 ikiwa ya alumini. Upungufu wa volti unaotokana na ukinzani huo ungepanda kwa karibu theluthi mbili, na kebo isingebeba mkondo uliokokotolewa. Ili alumini ifanye kazi ya shaba ya 95 ingebidi kwenda kwenye kipimo cha 150 au zaidi, na viunganishio vya kwenye bodi navyo vibadilike. (Alumini si kitu kibaya. Ingekuwa imeruhusiwa kwenye hati, na wote watatu wangeijua, huenda bei za wote zingeshuka.)

B alipotambua kilichoonekana, aliandika kwamba yuko tayari kuweka shaba bila kuongeza hata kidogo. Kwa mjumbe aliyechoka, hilo linasikika kama ushindi. Litazame kwa pande zote mbili. Kama zabuni yake ilikuwa ya alumini, basi haikukidhi mahitaji, na ufafanuzi hauruhusiwi kuigeuza. Kama ilikuwa ya shaba tangu mwanzo, kwa sababu alitia saini kukubali viwango vyote bila masharti, basi bei ya 2.1 haina maelezo: atapoteza 0.45 kwa kila mita kwenye shaba pekee, yaani 135 kwa mita 300, kabla hajalipa kiwanda, gari wala fundi. Ahadi ya kupata hasara haihesabiki kuwa uthibitisho wa bei.

Haki inadai tuseme pia pale B alipojitetea vizuri. Bodi zake ziko chini kwa asilimia 22.5, na alieleza kwamba anaziunda kwenye karakana yake mwenyewe. Aliambatisha ankara za sakiti breka, saa za kazi, na vyeti vya uthibitisho vya bodi za aina hiyo. Namba zilifunga na faida ilibaki ndani. Kamati ikakubali. Bei ya chini yenye sababu ni kitu cha kufurahia, na ripoti iandike wazi kwamba kipengele hicho kimekubaliwa. Bila hivyo atakayeisoma ataona mtu aliyekuwa anatafutiwa kosa.

Upimaji wa 40 haukupata maelezo ya aina hiyo. B alisema utafanywa na mafundi waliopo. Lakini kila saketi inatakiwa kupimwa uimara wa kihami chake, mwendelezo wa waya wa erthi, mzunguko wa hitilafu na ufanyaji kazi wa vikata umeme vya uvujaji, na kila kipimo kiandikwe. Fundi yuleyule ni lazima alipwe siku hizo zote, na vifaa vya kupimia viwe na cheti cha usahihi. Bei kama hii kwa kawaida huwa na maana moja: fomu za vipimo zitajazwa mezani. Ukitaka kuzigundua baadaye, tazama kama saketi zote zina namba ileile ya megaomu.

Swali lililomhusu C

C naye aliulizwa. Karatasi ya maelezo ya sakiti breka kuu haikuonyesha uwezo wake wa kukata mkondo wa hitilafu, na hati ilitaka angalau kiloampea 25. Alituma ukurasa uliokosekana, unaoonyesha 36. Hili linakubalika na lile la B halikubaliki, ingawa yote mawili yaliitwa ufafanuzi. C alikwisha kutaja jina na modeli ya breka ndani ya zabuni yake, na karatasi mpya imeeleza kitu kilekile. Laiti angetuma karatasi ya modeli nyingine yenye uwezo mkubwa zaidi, angekuwa anabadilisha zabuni.

Hatari yenyewe, kwa namba

Wapo watakaosema: tumpe B, tumbane kwa mkataba, akishindwa tuchukue dhamana. Tuipime hoja hiyo kwa kuangalia mpangilio wa malipo.

Maandalizi na mabomba ya waya ndiyo kazi zinazokuja kwanza. Hizi ndizo sehemu ambazo B hakushusha bei. Kwa pamoja ni 2,840, sawa na asilimia 43 ya kazi yake yote ya 6,610. Kwa A sehemu hizohizo ni asilimia 29. Kwa hiyo mwajiri atakuwa amemlipa B karibu nusu ya fedha kabla roli la kebo kuu halijaingia getini. Akiondoka siku hiyo, kwenye mkataba zitakuwa zimebaki 3,770, wakati kazi iliyobaki kwa makadirio ni 6,600. Pengo ni 2,830.

Dhamana ya utekelezaji ya asilimia 10 ni 731. Hata ikiongezwa hadi asilimia 20, jambo ambalo hati nyingi zinaruhusu kwa zabuni yenye bei zisizo na uwiano, ni 1,462. Na kile ambacho mwajiri angeokoa kwa kumchukua B badala ya C ni 1,950. Pengo linameza akiba yote, na dhamana, hata ile ya asilimia 20, inaziba karibu nusu tu ya pengo hilo. Wala hatujagusa muda wa kutafuta mkandarasi mwingine, ambaye kwa kawaida hukataa kubeba dhima ya mabomba yaliyolazwa na mtu mwingine.

Mara nyingi lakini mkandarasi haondoki. Anabaki, na anaanza kutafuta fedha zake: madai ya kazi za ziada, kebo yenye unene pungufu, vipande vichache vya erthi kuliko michoro inavyoonyesha. Kebo pungufu hugundulika kwa kupima ukinzani wa kipande cha urefu unaojulikana. Mita 50 za shaba ya 95 zisizidi takriban miliomu 9.65 kwenye nyuzijoto 20. Ikisoma 13, umeletewa ya 70.

A au C?

B akiwa ameondolewa, tofauti kati ya A na C ni 580, na C ndiye wa chini. Ila kuna mstari mmoja wa kutazama. Jedwali lina mita za ujazo 20 za kuchimba mwamba. A ameweka 3.0 kwa mita ya ujazo na C 9.5. Kwa kiasi hicho ni tofauti ya 130 tu, na imo tayari ndani ya jumla. Lakini mwamba ukizidi, kila mita ya ujazo ya ziada inamgharimu mwajiri 6.5 zaidi kwa C kuliko kwa A. Ukifika kama mita za ujazo 110, C anakuwa ghali kuliko A.

Je, kamati imruke C? Hapana. Nafasi za wazabuni hupangwa kwa idadi zilizoko kwenye hati, na kigezo ambacho hakikutangazwa hakiwezi kuingizwa baadaye. Wala bei ya mwamba haijadiliwi kabla ya tuzo. Kinachofaa ni kuandika hatari hiyo kwenye ripoti pamoja na namba ile ya 110, na kumshauri mwajiri achimbe mashimo machache ya majaribio kwenye njia ya kebo ili kama mwamba upo, njia ihamishwe kwenye michoro kabla mtaro haujaanza. Masharti ya mkataba nayo yasomwe: masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC ya mwaka 1999, kwa mfano, huruhusu bei mpya ya kipimo pale idadi inapobadilika kwa zaidi ya asilimia 10, lakini kukiwa na masharti mengine pia yaliyotimia, na bei mpya si lazima iwe ya chini.

Upimaji wa C wa 160 nao uko chini kidogo, lakini mchanganuo wake ulionyesha siku, watu na vifaa. Uandikwe na upite.

Pendekezo la ripoti basi ni C kwa 9,960 ukijumuisha tengo la 700 kama lingekuwa nje ya bei yake. Kwa kuwa hapa limo ndani, ni 9,260 kamili, na kosa la kulijumlisha mara mbili hutokea kwenye ukurasa wa mwisho mara nyingi kuliko unavyodhani. A anabaki wa pili, na muda wa uhalali wa zabuni yake na wa dhamana yake ukaguliwe kabla C hajajibu barua ya masahihisho, maana C akikataa ile 210 ya taa, tuzo inahamia kwa A. Kwa B aya ya kukataliwa isiwe na neno "tunahofia". Inatosha kuandika hivi: mzabuni alitakiwa mara mbili kuthibitisha bei ya mstari wa kebo, ushahidi alioutoa unahusu kondakta ya alumini ilhali hati inataka shaba, bei yake iko chini ya thamani ya shaba iliyomo kwenye kebo, maelezo ya upimaji hayakuambatana na mchanganuo, maelezo ya bodi yalikubaliwa. Kisha ziambatishwe barua zote mbili na majibu yake, zikiwa na tarehe.